Duara la mteja likivutwa upande, kosa halipo kwenye mikunjo

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia kwa uchungu. Mteja alimletea mchoro wa kalamu, ndege ndani ya duara, akitaka auone kifuani mwa fulana nyeupe kabla haijachapwa. Msomaji akafuata hatua kwa hatua mafunzo ya Displace, kichujio cha Photoshop kinachopindisha mchoro ufuate mikunjo ya kitambaa. Mikunjo ikakubali, lakini duara likatoka limepinda kama yai. Mteja akasema, "Huu si mchoro wangu."

Neno hilo nalijua. Niliwahi kuambiwa hivyo hivyo mbele ya watu, na mpaka leo linaniuma. Kwa hiyo nikamwomba faili, nikalifungua mwenyewe.

Displace haijui kifua ni nini. Inasoma ramani ya kijivu unayoipa na kuangalia mwanga tu. Kijivu cha katikati, yaani 128, hakisogezi kitu. Kinachozidi hapo kinasukuma pikseli upande mmoja, kinachopungua kinasukuma upande wa pili. Na ramani yenye chaneli moja husukuma kwa mshazari, mlalo na wima kwa pamoja. Sasa, picha ya ndugu yetu ilipigwa mwanga ukitokea dirishani. Nusu ya kifua ilikuwa nyeupe, nusu ina kivuli. Photoshop ikauchukulia mwanga wa dirisha kama umbo la kifua, ikavuta nusu ya duara huku na nusu kule.

Dawa yake ni kuondoa mwanga mpana kwenye ramani na kubakiza mikunjo peke yake. Nilitoa nakala ya picha ya fulana, nikaigeuza kuwa Grayscale, nikaenda Filter > Other > High Pass. Kwa picha yenye upana wa pikseli 2000 hivi, nilianza na 40. Kifua chote kikawa kijivu tulivu, mikunjo ikabaki inaonekana. Baadaye Gaussian Blur ya 3, kwa sababu nyuzi za kitambaa zikibaki kwenye ramani, mstari mwembamba wa kalamu hutoka na meno meno kama msumeno. Ukiona meno hayo, usiguse mchoro, ongeza blur. Ramani ikahifadhiwa kama PSD ya peke yake, kwa vipimo vilevile vya picha ya fulana.

Lakini ukiondoa mwanga mpana, umeondoa na mviringo wa kifua. Huo unautengeneza kwa mkono, kwa Edit > Transform > Warp, na unaufanya kabla ya Displace. Hapa ndipo wengi wetu tunapokuwa wavivu, na mteja anatuona. Tazama ukosi na pindo la chini la fulana. Pindo likilegea katikati kama tabasamu, kamera ilikuwa juu yake, na mistari ya mlalo ya mchoro nayo ilegee kidogo. Likiinuka katikati, kamera ilikuwa chini. Kamera ikiwa juu, kifua huwa karibu na usawa wake kuliko pindo, kwa hiyo upinde wake uwe mdogo kuliko wa pindo. Kisha bana kidogo kingo za kushoto na kulia, kwa kuwa kifua huko kinageuka na kutukwepa. Katikati paache pana.

Ndipo nikaita Filter > Distort > Displace. Skeli ya 100 husogeza hadi pikseli 128, kwa hiyo ukiandika 10 mwisho wake ni kama 13. Kwa duara lile niliweka 6 pande zote mbili, ikatosha. Ndege alifuata mkunjo wa kwapani bila shingo yake kukatika.

Usikisie kama umepatia. Geuza mchoro kuwa Smart Object tangu mwanzo, na ukimaliza ingia ndani yake, weka gridi ya miraba juu ya mchoro. Hifadhi, kisha rudi kwenye fulana utazame. Miraba ikilala upande mmoja wote, ramani bado ina mwanga wa dirisha. Ikiwa sawa kabisa hata kwenye mkunjo, skeli ni ndogo. Ikivunjika vipande, ni kubwa mno. Ukiridhika, izime gridi, weka leya kwenye Multiply ili kivuli cha kitambaa kipite juu ya wino. Kwenye fulana nyeusi Multiply itaumeza mchoro. Huko geuza mistari iwe nyeupe na utumie Screen.

Na jamani, mkunjo mzito unaofunika kitambaa, Displace haiuwezi. Sehemu ya mchoro inayozama ndani ya mkunjo huo ifiche kwa maski, usiichore upya uisogeze pembeni ili ionekane. Mstari ni wa mteja. Hata ukitetemeka, uache utetemeke.