Laptopu ya i5 yenye ramu GB 8 itaiweza GTA V?

Swali: Fundi habari. Nina HP EliteBook 840 G3 ya mtumba, i5, ramu GB 8, SSD ya 256. Nataka kununua GTA V. Kwenye orodha ya mahitaji, pale kwenye Recommended, wameandika i5 na ramu GB 8, na aliyeniuzia alisema itacheza mpaka setingi za juu. Binamu yangu anasema haitafunguka kabisa kwa sababu haina kadi ya grafiki. Nimwamini nani?

Jibu: Nzuri kaka. Usimwamini hata mmoja. Itafunguka, na utacheza, ila kwa picha ndogo na setingi za chini, tena ukiwa umeipanga ramu vizuri. Hilo la ramu ndilo lililonifanya nikujibu kwa kirefu.

Kwanza hakikisha unasoma orodha ya gemu unayoitaka. Tangu Machi 2025 GTA V ya kompyuta ziko mbili. Kuna ile iliyotoka 2015, ambayo sasa inaitwa Legacy, na kuna mpya inayoitwa Enhanced. Enhanced, hata kwa kiwango chake cha chini, inadai kadi ya grafiki ya aina ya GTX 1630 yenye GB 4 zake yenyewe. Hiyo isahau, mashine yako haifiki huko. Kabla ya kulipa, angalia kwamba unachonunua kinakupa Legacy. Orodha yake, nikiacha visivyo na mvutano, ni hii:

```
Minimum:     Core 2 Quad Q6600, 4 GB RAM, 9800 GT 1 GB
Recommended: Core i5-3470,      8 GB RAM, GTX 660 2 GB
```

Mimi nikipewa orodha ya namna hii huwa naigawa mafungu mawili. Kuna masharti ya mlangoni: toleo la Windows, toleo la DirectX, nafasi kwenye diski. Ukikosa moja tu, gemu haiingii au inakutolea ujumbe wa kosa papo hapo. Halafu kuna masharti ya nguvu: prosesa, kadi na ramu. Ukipungukiwa haya, gemu mara nyingi inafunguka vizuri tu, ila inakwamakwama. Binamu yako amechukua upungufu wa nguvu akaufanya kufuli la mlango. Mlangoni GTA V inataka kadi inayojua DirectX 10 au zaidi, na grafiki iliyomo ndani ya prosesa yako inajua mpaka 12. Kwa hiyo utaingia.

Sasa aliyekuuzia. Yeye kaona neno "i5" pande zote mbili akafurahi. i5 ni jina la familia, na familia hiyo ina wakubwa na wadogo, wa zamani na wa sasa. Soma kinachofuata baada ya kistari. i5-3470 ni prosesa ya kompyuta ya mezani ya mwaka 2012: viini 4, gigahezi 3.2, inakula wati 77. Yako, kwa 840 G3 nyingi zinazopita mikononi mwangu, ni i5-6200U au i5-6300U. Tarakimu ya kwanza, 6, ni kizazi cha sita. Herufi U mwishoni ni ya prosesa za kubana umeme: viini 2 tu, gigahezi 2.3 au 2.4 za msingi, na wati 15. Ni mpya kuliko ile ya mezani, lakini hailingani nayo kwa kazi ndefu inayotaka viini vingi. Kwa hiyo Recommended hujaifikia.

Minimum je? Q6600 ni ya 2007, ina viini 4 vya gigahezi 2.4. Ukihesabu viini utasema umeshindwa, ukitazama gigahezi utasema mmelingana, na kote utakuwa umekosea. Kiini cha kizazi cha sita kinafanya kazi nyingi zaidi katika kila mdundo kuliko kiini cha 2007, na kila kimoja chako kinaweza kushika kazi mbili kwa wakati mmoja. Ni wapishi wawili wepesi dhidi ya wanne wazito. Hapa unapita, bila ziada kubwa.

Kwenye grafiki ndipo mambo yanapokuwa matamu. Mashine yako haina kadi ya peke yake, ina Intel HD Graphics 520 ndani ya prosesa. Usilinganishe 520 na 9800 kwa kutazama namba, maana kila kampuni inahesabu kivyake. Kwa nguvu ya kuchora, hizi mbili haziko mbali. Tofauti kubwa ni mahali zinapohifadhi picha. 9800 GT ilikuwa na GB 1 yake, na barabara ya kupitisha karibu GB 57 kwa sekunde kati ya kadi na memori hiyo. HD 520 haina memori yake, inakopa kwenye ramu ya mashine. Ukifungua `dxdiag` unaweza kukuta imeandikwa MB 128, na watu wengi huishia hapo wakikata tamaa. Hicho ni kiasi cha kuanzia tu. Gemu ikihitaji zaidi, Windows inaipa grafiki mpaka karibu nusu ya ramu yote.

Mkopo huo una hesabu mbili ambazo orodha haikuambii. Ya kwanza ni ya ujazo. Waliposema ramu GB 4, walidhani kadi ina GB 1 yake pembeni. Kwako wewe zote mbili zinatoka mfuko mmoja, hivyo kiwango cha chini cha kweli ni GB 5, na mwenye mashine ya GB 4 bila kadi asidanganywe na mstari ule. Wewe una 8, inatosha, mradi umefunga kivinjari kabla ya kucheza.

Ya pili ni ya barabara. Ramu ya 840 G3 ni DDR4 ya 2133. Kipande kimoja kinapitisha karibu GB 17 kwa sekunde. Vipande viwili, kila kimoja kwenye nafasi yake, vinafanya kazi bega kwa bega na kupitisha karibu GB 34. Linganisha na zile 57 za kadi ya zamani utaona kwa nini hii ni muhimu. Mashine kama yako ilinijia mwaka jana ikiwa na kipande kimoja cha GB 8. GTA V kwa picha ya 1280 kwa 720, setingi za chini, ilikuwa inatoa fremu 21 au 22 kwa sekunde mjini. Nikatoa kile kipande, nikaweka viwili vya GB 4. Ujazo ni uleule, lakini fremu zikapanda mpaka karibu 30. Mwenyewe alidhani nimembadilishia prosesa.

Kujua yako ina vipande vingapi hakuhitaji bisibisi. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc ili `Task Manager` ifunguke, ingia `Performance`, kisha `Memory`, usome `Slots used`. Ikiandika 1 of 2, nunua kipande cha pili cha ujazo uleule kabla hujanunua gemu. Hapohapo, kwenye `CPU`, soma jina kamili la prosesa yako, kwa sababu stika iliyobandikwa juu ya laptopu ya mtumba si ushahidi.

Sasa "kucheza" ni nini hasa. Orodha ile haisemi ni picha ya ukubwa gani wala fremu ngapi. Mimi kipimo changu ni fremu 30 zisizoyumba, chini ya 25 kuendesha gari kunakera. Kioo chako kikiwa cha 1920 kwa 1080, usicheze kwa ukubwa huo, kwa sababu nukta zake ni mara 2 na robo ya zile za 1280 kwa 720, na grafiki inachora kila nukta. Teremsha kwanza picha, zima `MSAA`, nyasi na vivuli viache kwenye `Normal`. Kuna mstari unaoonyesha memori ya grafiki inayotumika, na kuna swichi ya `Ignore Suggested Limits`. Hiyo usiiguse.

Ikiendelea kukwama, jiulize ni nani anayemchelewesha mwenzake. Punguza ukubwa wa picha tena. Fremu zikipanda, mzigo ulikuwa kwa grafiki. Zisiposogea, ni prosesa, na dawa yake ni kushusha `Population Density` ili watu na magari barabarani wapungue.

Kuna kasoro nyingine inayowachanganya wengi: gemu inaanza vizuri, baada ya dakika 15 inageuka kobe. Hapo orodha haina kosa, ni joto. Acha `Task Manager` wazi, ukiona kasi ya prosesa imeshuka chini ya ile gigahezi yake ya msingi huku gemu inaendelea, inajipunguza isiungue. Laptopu za mtumba zimebeba vumbi la ofisi za watu na pasta ya prosesa iliyokauka. Fundi aifungue, asafishe feni, apake pasta mpya. Na cheza ukiwa umechomeka chaja.

Diski: orodha ya 2015 ilisema GB 65, na masasisho yameendelea kuipandisha, soma namba ya leo. SSD yako ya 256 Windows itaionyesha kama 238, toa Windows na mafaili yako ndipo uone kilichobaki.

Ukinunua kupitia Steam, una siku 14 za kuomba pesa irudi, mradi hujacheza zaidi ya saa 2, na muda wa kupakua hauhesabiwi. Cheza ule utangulizi wa wizi wa benki umalize, kwa kuwa kipimo cha ndani ya gemu hakifunguki kabla yake. Kisha ingia setingi za `Graphics` uendeshe `Benchmark`. Sehemu ya mwisho, ya kuendesha gari mjini, ndiyo ya kutazama. Ikikaa karibu na 30, endelea. Ikiwa 20 hata baada ya vipande viwili vya ramu na feni safi, omba pesa yako kabla saa ya pili haijaisha.