Hesabu vidonge vilivyobaki kabla ya kumuuliza mama kama ametoa dawa

Mgonjwa huacha antibiotiki kwa sababu mbili kubwa: amepata nafuu, au dawa imemfanyia jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Yote mawili muuguzi anaweza kuyazuia pale pale anapokabidhi dawa, na sentensi ya kusema hutegemea aina ya dawa.

Chukua mtoto wa miezi 14, kilo 11, aliyeletwa Jumatatu asubuhi kwenye kituo cha afya Bukavu. Anakohoa, na ukihesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia unapata 46. Kwa umri wake, 40 au zaidi ni pumzi za haraka. Kifua hakiingii ndani anapovuta hewa, ananyonya, hajapata degedege, hatapiki kila kitu. Hii ni nimonia ya kutibiwa nyumbani. Angekuwa na 34, ni kikohozi tu, na hapo amoksisilini isingemsaidia kitu. Kuinyima hapo ni kazi nzuri ya uuguzi, hata mama akinung'unika.

Dawa yake ni amoksisilini ya kuyeyuka, miligramu 250: vidonge viwili asubuhi, viwili jioni, siku 5. Jumla vidonge 20. Dozi ya kwanza itolewe mbele yako, na mikono iwe ya mama. Aweke vidonge viwili kwenye kikombe, amimine vijiko viwili vidogo vya maji safi au maziwa yake, atikise mpaka viyeyuke, amnyweshe, kisha aongeze maji kidogo kusuuza ungauunga ulioshika chini. Ungauunga ule ni dawa, na wengi huumwaga. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, dozi irudiwe.

Usimuulize, "Umeelewa?" Kila mama atajibu ndiyo. Muulize hivi: "Mama, leo mangaribi utamupa mutoto dawa namna gani?" Akisema kimoja, umeligundua kosa kabla halijafika nyumbani.

Halafu mwambie mapema: kesho au kesho kutwa homa itashuka, mtoto atacheza, na utaona dawa haina kazi tena. Vijidudu vilivyo dhaifu vimekufa kwanza. Vilivyo vigumu bado vipo. Vidonge vikiwekwa kabatini kwa ajili ya mdogo wake, yule mdogo atapata dozi isiyomtosha, na vijidudu vyake vitakavyopona ndivyo vitakavyozaana. Lakini siku 5 zisigeuzwe kuwa 10 pia. Kuzidisha siku kunavipa vijidudu vingine vya tumboni nafasi ya kuizoea dawa.

Arudi Jumatano asubuhi, kabla ya dozi, na karatasi za dawa mkononi. Hapo hesabu. Vikibaki 12, yuko sawa. Vikibaki 15, yaelekea anatoa kimoja kimoja. Vikibaki 16, yaelekea jioni anasahau, labda kwa sababu anarudi sokoni usiku mtoto amelala. Vikibaki 10, uliza kwa upole kama alitapika au kama kuna mtoto mwingine aliyeonjeshwa. Usimkaripie, maana mama aliyekaripiwa safari nyingine hataleta karatasi. Hesabu tena pumzi: zikiwa zimepungua na mtoto anakula, aendelee hadi Ijumaa jioni. Kama hali haijabadilika, apimwe upya, asiongezewe vidonge kwa kubahatisha.

Amoksisilini, kama ndugu zake wa penisilini, mara nyingi hulegeza choo. Mama asiyejua husema dawa imemkataa mtoto, akaacha. Mwambie aendelee na dawa, anyonyeshe zaidi, ampe maji ya ORS. Damu kwenye choo, arudi. Midomo kuvimba, mwili kuota mabaka yanayowasha au pumzi kukoroma muda mfupi baada ya dozi: aache na aje mbio, na jambo hilo liandikwe kwenye kitabu chake cha afya.

Kwa watu wazima sentensi hubadilika. Metronidazoli huleta ladha ya chuma mdomoni na inaweza kutia mkojo weusi. Asiogope, ila aache kasiksi na pombe yoyote mpaka siku 2 baada ya kidonge cha mwisho. Doksisaiklini hunywewa na gilasi nzima ya maji, mtu akae wima nusu saa, la sivyo kidonge hukwama na kuchoma koo la chakula; tena jua humuunguza haraka. Siprofloksasini ikinywewa na maziwa au mashanza, madini ya maziwa huishika tumboni na kidogo tu huingia kwenye damu: ameza saa 2 kabla ya maziwa, au saa 6 baadaye. Ugonjwa ukikataa kupona, uliza kwanza alichomezea dawa.

Kotrimoksazoli iko katika kundi la salfa, na hapa neno "maliza dozi" lina mpaka. Ngozi ikitoa upele, macho yakawa mekundu, mdomo ukatoka vidonda au ngozi ikaanza kubanduka, asimeze kidonge kingine hata kimoja, aje siku hiyo hiyo.