Sauti ya Bluetooth kukatika kwenye kompyuta

"Hedifoni zangu hukwaruza na kukatika kila ninapopakua faili kwenye kompyuta. Nifanyeje?"

Ndugu, kwanza ninashuku Wi-Fi ya 2.4 GHz, kwa kuwa hutumia masafa yale yale ya Bluetooth. Zima Wi-Fi, kisha cheza wimbo uliohifadhiwa kwenye kompyuta. Sauti ikitulia, unganisha kompyuta na mtandao wa 5 GHz wa ruta yako, upakue tena.

Sauti ikikatika hata Wi-Fi ikiwa imezimwa, chomoa diski ya USB 3.0, ambayo nayo huvuruga masafa hayo inapokuwa karibu na antena. Hatimaye jaribu hedifoni hizo kwa simu iliyo umbali wa mita moja. Zikikwaruza hata hapo, zipeleke kwa fundi, wala usizifungue mwenyewe, kwani betri ya lithiamu ikitobolewa huweza kuwaka moto.