Ukiomba ukarani kwa mawakili, chunga unachoambatisha

Ofisi yetu ya mawakili hapa Dar es Salaam ikitangaza nafasi ya karani, maombi huanzia mezani kwangu. Karibu kila barua inasema mwombaji ni mwaminifu na anajua kutunza siri. Siku hizi sentensi hiyo naipita tu, nafungua viambatisho, kwa sababu huko ndiko ninakoona mtu anavyofanya kazi.

Kuna binti mmoja, mhitimu wa stashahada ya sheria, aliambatisha hati ya kiapo aliyoiandaa alipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Ilikuwa imepangwa vizuri sana. Majina ya wahusika alikuwa ameyafunika kwa mistari myeusi kwenye faili la PDF. Nikayachagua yale maandishi, nikayanakili na kuyabandika kwenye ukurasa mtupu: jina la mteja likatokea, na namba ya kiwanja, na kiasi cha deni. Ule weusi ulikuwa umekaa juu ya maneno tu, haukuwa umeyafuta. Hatukumwita kwenye usaili, na iliniuma, maana aliyeandika kile kiapo alikuwa na mkono wa kazi.

Kwa hiyo mdogo wangu, nyaraka ya mteja isitoke ofisini alikoileta, hata ikifunikwa. Tunga shauri lako mwenyewe, watu wa kubuni, kiwanja cha kubuni, kisha andaa kiapo cha ukurasa mmoja na nusu. Juu yake andika wazi kwamba ni cha mfano. Kwenye wasifu pia, andika kwamba ulisaidia kuandaa nyaraka za mashauri ya ardhi; usitaje yalikuwa ya nani.

Katika kiapo hicho mimi hutazama mambo machache. Je, kila aya inabeba ukweli ambao muapaji anaujua mwenyewe? Kama ameambiwa na mtu, mtu huyo ametajwa? Wengi wanaoanza huingiza hoja za kisheria na maombi ndani ya kiapo, mathalani "hivyo mahakama hii ikubali maombi haya". Hayo hayana nafasi humo. Mahakama Kuu ya Uganda ilishalisema hilo mwaka 1966 katika shauri la Matovu, na mahakama zetu hulirejea mpaka leo. Kisha nashuka chini kabisa, pale kamishna wa viapo anaposaini. Lazima paonyeshe kiapo kimeapwa wapi na tarehe gani. Pakikosekana mahali au tarehe, kiapo kinaweza kutupwa, na maombi yanayokitegemea yakaanguka nacho.

Ukiitwa, jiandae kuhesabu siku. Swali letu moja ni hili: Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, likisikiliza shauri kwa mara ya kwanza, limetoa uamuzi 4 Machi 2025. Mteja anataka kukata rufaa Mahakama Kuu. Mwisho lini? Mwenye haraka hujibu siku 90, kwa kuwa ndizo alizozizoea kwenye rufaa za kawaida za madai. Lakini Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, inatoa siku 45. Siku ya uamuzi haihesabiwi, kwa hiyo unaanza tarehe 5. Machi inakupa siku 27, zinabaki 18, unaangukia 18 Aprili. Hapo wengi hufunga kitabu, ilhali siku hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu. Ikafuata Jumamosi, Pasaka, na Jumatatu ya Pasaka. Kwa Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, siku ya mwisho ikiangukia siku isiyo ya kazi, muda unasogea hadi siku ya kazi inayofuata, yaani Jumanne tarehe 22.

Swali hilo halipimi kumbukumbu. Tunakuwekea kompyuta, na tunatazama unafungua nini. Anayetafuta hukumu kwenye tanzlii.org kabla ya kusoma kifungu chenyewe kwa kawaida hupotea. Na anayesoma kifungu aangalie anasoma toleo gani, kwa sababu Toleo la Sheria la 2023 lilianza kutumika 1 Julai 2025, na baadhi ya namba za vifungu zimebadilika. Hukumu ya zamani inaweza kukupeleka kwenye kifungu ambacho leo kina namba nyingine.

Kijana tuliyemwajiri mwisho alipata tarehe 22, akaandika kwenye karatasi njia aliyoifuata, sheria kwa sheria. Chini yake akaongeza kwamba kwenye shajara ya ofisi angeandika tarehe 10 Aprili, ili wakili apate wiki moja ya kusahihisha sababu za rufaa kabla watu hawajasafiri kwa sikukuu.