Mwenyeji, tukaribishe kwa dakika mbili

Wiki hii msomaji mwenye duka la vitambaa Ngara ameniandikia: "Kaka, Alhamisi ni zamu yangu kufungua kikao chetu cha mwezi cha wafanyabiashara. Nimeandika kurasa tatu. Zinatosha?"

Zinazidi, ndugu yangu. Ukurasa wa daftari hubeba maneno kama 200, na hayo yanatosha dakika mbili za mtu anayesema polepole. Chukua ukurasa mmoja, mbili nyingine funikia mandazi.

Kata kwanza ile orodha ya waheshimiwa. Sema "itifaki imezingatiwa" ukipenda, lakini hata hiyo ni ya harambee. Historia ya kundi nayo iondoke, pamoja na "bila kupoteza wakati", maneno ambayo kwa kawaida hufuatwa na dakika kumi zilizopotea. Na usithubutu kuzungusha maiki ili kila mtu ajitambulishe. Watu 35 kwa dakika moja moja ni zaidi ya nusu saa, na hakuna anayesema dakika moja. Kufikia mtu wa kumi, wenzake hawamsikii, kila mmoja anapanga atakayosema yeye.

Badala yake, waonyeshe mikono. Taja kazi moja baada ya nyingine, wenye kazi hiyo wainue. Mikono huchukua chini ya dakika moja, na mtu wa kuchapisha vibandiko anamwona kwa macho yake mpishi wa kumwendea. Orodha ya kazi itoe kwenye daftari la mlangoni, usiibuni kichwani. Anza na kazi yenye watu wengi, kwa sababu mkono wa kwanza ukiwa mmoja tu, mwenyewe ataushusha haraka na wengine wataona haya. Wageni wa mara ya kwanza wawe wa mwisho.

Kwa duka la Ngara, hotuba nzima ingekuwa hivi:

"Wafanyabiashara wenzangu, hamjambo? Karibuni sana. Mimi ni fulani, nauza vitambaa hapa Ngara. Tuko pamoja hadi saa mbili na nusu. Choo kiko nyuma ya ngazi, na chai inaletwa nikinyamaza.

"Kabla ya chai, tuonane. Nikitaja kazi yako, inua mkono, usiushushe mpaka uonekane. Washonaji na wauza nguo? Wapishi na wenye mikahawa? Mafundi wa simu? Wachapishaji? Wasafirishaji? Nani sijamtaja? Na nani yuko nasi leo kwa mara ya kwanza? Hao msiwaache wasimame peke yao.

"Ombi langu ni moja. Kabla hujarudi kwa rafiki yako, tafuta mtu usiyemjua, umuulize: mwezi huu unatafuta nini? Mimi natafuta mtu wa kunibebea majora 20 kila Jumanne kutoka Eastleigh. Karibuni chai."

Yale majora 20 ndiyo yanayofanya kazi. Mwenyeji akisema "natafuta wateja", ukumbi mzima utajibu hivyo hivyo usiku kucha, na hakuna wa kumsaidia mwenzake. Akitaja mzigo, siku na mahali, mwenye pikapu anajua hapo hapo kama ni kazi yake, na wengine wanajifunza namna ya kuomba. Kwa hiyo haja yako iwe ya kweli. Ya kubuni itakuumbua mtu akija na bei.

Sasa saa ya kusimama. Kadi imesema saa 12:00 jioni, lakini wa Thika Road na Mombasa Road bado wako kwenye foleni. Ukisema saa 12:10 utaongea na viti. Ukingoja saa 1:30, marafiki wameshafunga miduara yao na mgeni yuko ukutani anachezea simu. Mara nyingi saa 12:40 hufaa, nusu ya watu wakiwa wameshaingia. Waliochelewa, mtu wa mlangoni awaambie lile swali moja tu.

Chai isitangulie hotuba. Mwenye kikombe mkono huu na sambusa mkono ule hainui mkono wowote, na mpango wako wote umekwisha. Muziki uzimwe kabisa. Kupunguza tu hakutoshi, utalazimika kupiga kelele. Watu 40 kwenye chumba cha kawaida hawahitaji maiki, na kama lazima uitumie, usisimame mbele ya spika, italia.

Ukimaliza usibaki mbele kupokea pongezi. Nenda kwa yule aliyeinua mkono wa ugeni kwa woga, mpeleke hadi kwa mtu mmoja wa kazi inayomfaa, wataje wote wawili kwa jina na kazi, kisha uondoke.