Mbu wako asitoke mtaroni

Swali: "Naandika skripti ya video ya dakika mbili kuhusu kuzuia malaria. Mhusika mkuu ni mbu mlevi anayeishi kwenye mtaro mchafu Mathare. Anamuuma jamaa mchana, kesho yake jamaa ana malaria. Inachekesha sana, lakini nataka iwe sahihi pia. Nitumie Sheng ama Kiswahili sanifu? Na kamera gani ya bei nafuu itanifaa?"

Lugha na kamera zisubiri kwanza. Ondoa mtaro. Leo, kabla hujamlipa mwigizaji hata mmoja.

Mbu wa maji machafu, yule anayekuimbia sikioni usiku kucha mitaani kwetu Nairobi, kwa kawaida ni kuleksi, na kuleksi haambukizi malaria. Anayeambukiza ni anofelesi. Huyo hupenda zaidi maji safi yaliyotulia: dimbwi la mvua, shimo lililochimbwa udongo wa matofali, alama ya kwato za ng'ombe. Na huuma hasa usiku, watu wakiwa wamelala.

Utasema ni utani tu. Sisi pia tuliambiwa hivyo. Shirika moja lilitupa kazi kama yako, na ofisa wao wa mawasiliano akatuambia mambo ya aina za mbu tuwaachie madaktari, kazi yetu ni kuchekesha. Skripti haikupelekwa kwa mtu yeyote anayejua wadudu. Basi tukarekodi mtaro: maji meusi, chupa zinaelea, mbu anapiga chafya kwa uvundo. Tulipoionyesha kijijini Siaya watu walicheka hadi machozi. Kisha mama mmoja akasema, bila hata chembe ya utani, "Sisi tushukuru Mungu, hapa hatuna mitaro michafu." Nyuma ya boma lake kulikuwa na mashimo ya matofali yamejaa maji ya mvua, yanang'aa juani. Watoto waliondoka wakiiga ile chafya. Neti, iliyotajwa mwishoni na daktari wa koti jeupe, hakuna aliyeikumbuka. Yule ofisa alihesabu vicheko akaviandika kwenye ripoti kama mafanikio, na mimi hasira hiyo haijaniisha hadi leo, kwa sababu mama yule tulimwacha akiwa na amani ambayo hakustahili kuwa nayo.

Kwa hiyo shika hili moja: mstari unaochekesha kuliko yote ndio ubebe jambo unalotaka mtu aende nalo nyumbani. Ukiweka kichekesho huku na somo kule, mtazamaji atabeba kichekesho na kumwacha daktari wako hapo hapo.

Na ukweli wenyewe una vichekesho tele. Mbu dume haumi mtu. Anayeuma ni jike, anayetafuta damu ili mayai yake yakomae. Tena hawezi kukupa malaria akiwa bado msichana: lazima kwanza amuume mtu mwenye vimelea, kisha aishi kama siku 10 au zaidi ndipo vimelea viwe tayari kutoka kwake. Kwa mbu, huo ni uzee. Basi mtupe huyo mlevi, muweke ajuza mwenye maringo, mjamzito kila wiki, anayesubiri taa zizimwe. Anatua kwenye neti yenye dawa akimsimulia binti yake jinsi alivyoishi miaka mingi kwa ujanja, na binti anaanguka kabla bibi hajamaliza hadithi. Bibi anashtuka: "Sasa nani atazeeka huku?" Mtu akicheka hapo, ameshaelewa kwamba neti ile haimzuii mbu tu, inamuua kabla hajafikia umri wa kuambukiza.

Hiyo "kesho yake" nayo ni hatari, hasa kwa watazamaji wa Nairobi. Tangu mtu aumwe hadi homa ianze hupita angalau siku 7, mara nyingi wiki mbili hivi. Jamaa wako aende matangani Siaya, alale bila neti, arudi, aendelee na kazi yake mjini hadi amesahau safari. Homa ikimpata atasema ni baridi ya Julai. Hapo ndipo kichekesho kikae: kila jirani anampa sababu yake, chipsi za jana, kiyoyozi cha ofisini, mapenzi, hadi mtoto mdogo anauliza, "Si ulienda Siaya majuzi?" Swali la mtoto ndilo limchekeshe mtu, na ndilo limkumbushe kupimwa mapema na kumwambia daktari alikosafiri.

Ukimaliza rasimu, wasomee watu wachache ambao si marafiki zako. Usiwaulize kama wameelewa, kila mtu atasema ndiyo. Waombe wakusimulie mahali palipowachekesha zaidi, halafu sikiliza kama neti, usiku au safari imo ndani ya simulizi yao. Ikiwa hakuna, andika upya mstari huo, si ule wa daktari.