Alama ya ujumbe uliofutwa

«Nimefuta ujumbe kwenye kundi la Watsapu, mbona yale maandishi ya kwamba umefutwa hayaondoki?»

Ndugu, ujumbe ukishafika, nakala yake hukaa ndani ya simu ya kila mwanakundi, kwa hiyo unapoufutia wote, simu yako hutuma agizo jipya linaloziambia simu hizo ziweke alama mahali pa maneno yako, na hakuna agizo la pili la kuiondoa alama yenyewe. Dada mmoja aliyeshauri kwamba uibonyeze kwa muda na kuifuta amesema nusu ya kweli, kwa kuwa itatoweka kwako tu. Kwenye kundi letu la wakulima wa korosho hapa Newala niliandika bei 3,200 badala ya 2,300, nikaifuta baada ya watu wawili kujibu. Bila alama ile, majibu yao yangeonekana hayana chanzo, na naona ni haki ibaki. Kosa likiwa dogo, urekebishe ujumbe kabla ya dakika 15 kupita, ingawa napo huonekana kwamba umehaririwa.